Mabano Niliyoogopa Kuyakata

Sikuzaliwa mpole, na ukarani haukunisaidia. Ukikaa miaka sita ukisoma miandiko ya watu wengine, hasira inakuwa sehemu ya vifaa vya ofisi, pamoja na wino na pini. Ofisi yetu ya ukaguzi wa maduka ya vijiji ilikuwa Biharamulo mjini, vyumba viwili na varanda. Hesabu za wilaya jirani ya Ngara nazo zililetwa kwetu, kwa sababu mashine ya kujumlisha, ile ya kuvuta mkono, ilikuwa moja tu na tulikuwa nayo sisi. Mkaguzi, yaani bosi wangu, alikuwa bwana mpole aliyeogopa kelele. Mashine niliipiga mimi, barua niliandika mimi, na ugomvi niliupokea mimi.

Kila kijiji cha ujamaa kilikuwa na duka lake, na kila robo mwaka mtunza duka alituletea karatasi: mapato, matumizi, na mwisho faida au hasara. Faida haikuwa na shida, kila mtu alijua kuiandika. Hasara ndiyo iliyowatia watu aibu, na kila mmoja aliivalisha nguo yake. Mmoja aliiweka kwenye mabano, (640), kama mtu anayefunga mlango ili majirani wasione. Mwingine aliweka kistari nyuma, 305-, kwa kuiga karatasi ya mashine yetu, maana mashine ikipata jumla iliyo chini ya sifuri ilichapa kistari upande wa kulia. Watatu waliandika kwa wino mwekundu, halafu wakatutumia nakala ya kaboni, na kaboni haijui wekundu, kwa hiyo hasara zilifika buluu zikiwa zimependeza kama faida. Kuna mmoja wa upande wa ziwani aliandika namba tupu, na pembeni akaongeza, "Mungu atusaidie." Hiyo nayo nilijifunza kuisoma kuwa ni hasara.

Kisha ikaja barua ya mkoa. Ilisema kuanzia robo hiyo takwimu zote zitaingizwa kwenye mashine kubwa, na mashine hiyo haijui mabano, haijui rangi, wala haijui kistari kilichochelewa nyuma. Kila hasara iandikwe kwa njia moja: alama ya kutoa mbele ya tarakimu, basi. Bosi alinisomea barua mara mbili, akaikunja, akaniwekea mezani, akaenda kunywa chai.

Nilifurahi, sitaki kudanganya. Nilikuwa nimeingoja barua ile miaka sita bila kujua. Nikachukua fomu mpya, nikakaa. (640) ikawa -640. 305- ikawa -305. Wale wa kaboni niliwapigia hesabu upya, mapato kutoa matumizi, nikajua nani kapata na nani kapoteza bila kuuliza rangi. Kulikuwa na mitego pia. Mtunza duka mmoja aliandika 870/-, na karani mjinga angekiona kile kistari akakihamishia mbele, akamfilisi mzee wa watu, kumbe ni shilingi mia nane na sabini bila senti, kama tunavyoandika siku zote. Mimi sikuwa karani mjinga. Nilijisifu kwa sauti, na hapakuwa na mtu chumbani.

Nilimaliza vijiji vyote isipokuwa kimoja, cha upande wa Murukulazo. Karatasi yake ilichelewa kwa sababu ya vita. Malori yote yenye nguvu yalikuwa yamechukuliwa kwenda mpakani, na yaliyobaki yalikuwa yale ambayo hata jeshi liliyakataa. Mtunza duka wa kule, mzee mmoja mwembamba mwenye koti la kahawia, alifika asubuhi ile ile ambayo gari la mkoa lilikuwa linaondoka. Alikuja na mkoba wake wa vitabu akitembea haraka, akanipa karatasi kwa mikono miwili, kaboni na nakala vikiwa bado chini yake.

"Nimepata hasara, binti yangu," alisema. "Pipa la mafuta ya taa limevuja. Nimeiweka kwenye mabano."

Aliandika (1,180), mabano yamechorwa kwa rula. Dereva alikuwa anapiga honi. Nafasi ya kunakili kwenye fomu mpya hakuna, muda hakuna. Nikachukua kalamu, nikaweka alama ya kutoa pale pale kwenye karatasi yake, mbele ya tarakimu, ndani ya mabano. Ikasomeka (-1,180).

Nilijua mabano yanatakiwa yaondoke. Nilijua vizuri sana. Lakini hesabu za serikali hazifutwi kwa raba; kitu kikikosewa kinakatwa kwa mstari mmoja na aliyekata anatia sahihi pembeni, na kila sahihi ya namna hiyo inaandikwa kwenye daftari la masahihisho. Jina langu halikuwamo kwenye daftari hilo hata mara moja, miaka sita. Bosi alikuwamo kurasa nne. Kwa hiyo nikaona ni heri mabano yakae, hayamdhuru mtu, na mimi nibaki safi. Nikajumlisha wilaya zote mbili kwa mashine, hasara ya mzee nikaitoa sawasawa, jumla nikaiandika juu ya bahasha, gari likaondoka.

Baada ya mwezi ikaja barua yenye hasira. Mkoa ulisema jumla yangu na jumla yao zinatofautiana kwa shilingi 2,360, na nieleze. Niliipokea barua ile kama tusi. Niliitafuta 2,360 katika kila karatasi ya kila kijiji. Niliitafuta kwenye sukari, kwenye chumvi, kwenye vitenge. Niliitafuta mpaka nikamshuku bosi. Haikuwapo popote. Nikawajibu, kwa maneno ya heshima yaliyonichukua siku nzima kuyapunguza makali, kwamba tofauti hiyo wameizalisha wenyewe na waitafute huko huko kwao.

Siku ya nne baada ya kutuma jibu hilo, akaja mama mmoja nisiyemjua.

Nilimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa anateremka kutoka kwenye lori la misheni huku akimgombeza dereva, na dereva alikuwa hamjibu, ishara kwamba wamesafiri hivyo tangu asubuhi. Akaingia ofisini na mpini wa jembe mkononi. Bosi aliuona mpini, akakumbuka ana safari ya benki.

"Shikamoo mama," nikasema.

Hakuitikia. Kwetu mtu mzima asipoitikia shikamoo, ujue mambo yameharibika.

"Ni wewe?" akauliza.

"Ni mimi nani?"

"Mwanamke anayekura hera ya mume wangu."

Sikucheka, ingawa nilitaka, kwa sababu mpini ulikuwa mzito. Nikamwomba akae. Akakataa kukaa, akasimulia amesimama. Alikuwa mke wa yule mzee wa koti la kahawia. Wiki tatu zilizopita, alisema, barua ilisomwa kijijini kwao kwamba duka lao limepata faida ya shilingi elfu moja mia moja na themanini, kubwa kuliko ya kijiji chochote cha wilaya, hongera sana, na nusu yake, shilingi mia tano na tisini, itolewe kuwa mchango wa vita. Watu wakapiga vigelegele. Wakachinja mbuzi wa kijiji. Shibe ilipokwisha, wakauliza: sasa hiyo faida iko wapi?

Mume wake akasema hana faida. Hakuna aliyeamini, maana barua ilikuwa na mhuri. Wakapekua duka, wakakuta gunia la chumvi na sanduku la viberiti. Wakachimba nyuma ya duka. Wakachimba na chooni, hilo alilisema akiangalia pembeni. Yeye mwenyewe alipasua godoro lake, alilolishona kwa mikono yake, akakuta nyasi. Halafu jirani mmoja, mwenye mdomo, akamkumbusha kwamba mzee kila robo mwaka huenda Biharamulo na mkoba, na anayempokea ni karani mwanamke, na haonekani kuwa na mume.

"Nikamfukuza," mama alisema. "Analala dukani na magunia. Kesho anakuja ofisa wa mkoa kuchukua hera, na asipoiona wanamfunga. Kwa hiyo nimekuja nizichukue kwako mapema."

Elfu moja mia moja na themanini. Namba ile niliijua. Niliiona ikiwa na mabano yaliyochorwa kwa rula. Nikafungua faili, nikachomoa nakala yetu, nikaiweka mezani, nikamwambia huyu mzee hakupata faida, alipoteza. Pipa lilivuja. Hasara ni hii.

"Kama ni hasara, mbona wao wameona faida?" akauliza.

Nikaanza kumweleza habari za 2,360 kana kwamba ilikuwa inamhusu. Nilitaka tu mtu wa kumlalamikia. Nikasema, na tena hao watu wa mkoa wanadai tofauti ya elfu mbili mia tatu na sitini, namba ambayo haipo duniani.

Mama akauweka mpini chini kwa mara ya kwanza. Alikuwa mpika pombe ya ndizi, kusoma hajui, lakini tangu utoto wake amekopa na kukopesha mikungu.

"Wewe umesoma mpaka wapi?" akaniuliza.

"Mpaka kidato cha nne."

"Basi sikiliza. Nikiwa nina mkungu mmoja, na mwenzangu hana mkungu ila anadaiwa mmoja, tumepishana mikungu mingapi?"

Nikafungua mdomo kusema mmoja. Nikaufunga.

"Miwili," akasema mwenyewe. "Mmoja wa kulipa deni, wa pili ndipo awe kama mimi. Hiyo namba yako isiyopo duniani, igawe katikati."

Nikaigawa. Sikuhitaji hata mashine. Nusu ya 2,360 ni 1,180. Hasara iliyogeuzwa kuwa faida inaacha pengo mara mbili ya ukubwa wake, na mimi nilikuwa nimezunguka wiki nzima nikitafuta pengo zima badala ya nusu yake. Nikaiangalia tena karatasi, ile (-1,180), mabano yake na alama yangu ndani. Nikaelewa walichofanya kule mkoani. Mabano walijua ni kutoa. Alama walijua ni kutoa. Wakatoa mara mbili, na hasara ikageuka ikaangalia juu.

Nilikaa chini. Nikamwambia mama ukweli wote, na daftari la masahihisho pia, na kurasa nne za bosi. Nilidhani atanipiga. Akasema, "Kumbe ulikuwa unatunza jina lako."

Nikamwambia nitaandika barua ya kueleza. Akacheka kicheko kibaya. Barua ndiyo iliyoleta balaa, akasema, na mzee ametukanwa mbele ya watu wote kwa mdomo, kwa hiyo nitakwenda kumsafisha mbele ya watu wote kwa mdomo. Alilala kwangu usiku huo, akala viazi vyangu, akanikosoa namna ninavyokoroga uji.

Asubuhi Land Rover ya ofisa wa mkoa ikapita Biharamulo kuelekea Ngara. Ofisa alikuwa kijana msafi, amemaliza chuo juzi, ana kalamu tatu mfukoni. Nilimwambia nina jambo la hesabu kule, akafurahi, akaniketisha mbele. Mama akapanda nyuma na mpini wake. Nilipanga kumweleza kabla hatujafika Nyakahura. Lakini kijana akaanza kunisifu. Alisema hajaona hesabu safi kama zangu, alama zote mbele, hata moja haijakatwa. Nikasema asante. Tukapita Nyakahura. Akasema mkoa unafikiria kunihamishia Bukoba. Nikasema ningependa. Nikigeuka nyuma nilikutana na macho ya mama kwenye kile kidirisha, ananitazama kama anayesubiri maziwa yachemke. Nilikuwa mwoga kilomita zile zote, na sioni haya kusema, maana nilishaona haya vya kutosha siku ile.

Tulikuta watu wamekwisha kukusanyika mbele ya duka. Mzee alikuwa amesimama peke yake mlangoni na koti lake la kahawia, limejaa nyuzi za gunia. Amekonda, na hapo awali hakuwa na cha kukonda. Mgambo wawili walikuwa pembeni yake, mmoja ni mtoto wa dada yake, anaangalia miguu.

Ofisa akatoa karatasi. "Ndugu mtunza duka, faida ya kijiji iko wapi?"

"Hata mimi naitafuta, ndugu," mzee akasema. "Nilipoona wanachimba, nilichimba nao."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Ofisa akasema huu si wakati wa mzaha, nchi iko vitani, na kama pesa hazitoki atalazimika kuondoka na mtu. Mgambo yule mpwa akamshika mjomba wake mkono, taratibu, kama anayemsaidia kuvuka mto. Mzee hakubisha. Aliuliza tu kama anaweza kufunga duka kwanza, asije mtu akaiba viberiti halafu ikawa hasara nyingine.

Hapo nikasimama. Miguu ilitaka kwenda upande wa Rusumo, ivuke daraja iingie nchi jirani na isirudi. Nikasema, "Faida haipo. Haikuwapo. Kosa ni langu."

Nikachukua chaki ya dukani, nikaandika kwenye mlango kama alivyoandika mzee: (1,180). Nikasema hii ni hasara. Nikaongeza alama yangu: (-1,180). Nikasema hii nayo ni hasara ile ile, nimeitia alama ya pili na ya kwanza nikaiacha.

Ofisa akasogea mlangoni. Sura yake ikachangamka, maana sasa tulikuwa kwenye somo lake. "Lakini karani, hasi ya hasi ni chanya. Nilifanya sahihi."

"Ungefanya sahihi kama mabano yangekuwa ya kitabu cha shule," nikasema. "Haya ni mabano ya mwenye duka. Mtu akivaa kofia mbili bado ni mtu mmoja."

Akataka kubisha. Nikamuuliza, "Elfu mbili mia tatu na sitini umeipata?" Kumbe naye alikuwa haipati, na bosi wake alikuwa anamsumbua kila asubuhi kama nilivyosumbuliwa mimi. Nikaandika mlangoni, nikaigawa kwa mbili. Aliitazama ile 1,180, kisha akavua kofia, akapangusa uso. Akasema kwa sauti ndogo, "Wiki mbili sijalala."

Akanikabidhi karatasi yenyewe na moja ya kalamu zake tatu. Mbele ya kijiji kizima nikakata mabano, mstari mmoja kila upande, nikaacha alama ya kutoa mbele ya tarakimu, nikatia sahihi yangu pembeni. Sahihi ikatoka mbaya. Nilitamani kulia kwa ajili ya daftari langu. Kisha nikamtazama mzee na nikaona aibu kwa kuwa nimetamani kulia kwa ajili ya daftari.

Wale mgambo wakamwachia. Watu walianza kutazamana, hasa waliochimba chooni. Mmoja akakumbuka mbuzi, akauliza nani atamlipa. Ofisa akamwambia mzee kwamba yuko huru, ila hasara ya pipa ataieleza kwa maandishi.

"Nitaieleza," mzee akasema. "Hiyo ninaijua." Halafu akanigeukia. "Binti yangu, mhuri umekuja nao?"

Nilikuwa nao, mhuri wa ofisi sikuwa nikiuacha nyuma, maana bosi hakuaminika nao. Akaniomba nimwandikie karatasi. Nikauliza iseme nini. Akafikiri, akasema iseme kwamba hana pesa. Si za kijiji, si za kuficha, si za mwanamke wa mjini. Hana kabisa. Na niigonge mhuri, kwa sababu bila mhuri hapa hakuna anayeamini.

Nikaandika hivyo hivyo, nikagonga mhuri, nikaisoma kwa sauti. Watu walisikiliza kama wako kanisani. Sijawahi kuona mtu akisimama wima namna ile kwa kutangazwa kuwa hana kitu.

Mke wake alikuwa bado amesimama kando ya Land Rover. Akaja, akaipokea karatasi kutoka mkononi mwangu, akaishika juu chini, akaugusa mhuri kwa kidole kuona kama wino umekauka. Akaifunga kwenye pindo la kanga yake. Halafu akaanza kumtoa mume wake nyuzi za gunia kwenye koti, moja moja, mbele ya watu wote, bila kumtazama usoni.

"Godoro nimelipasua," akamwambia.

"Nimesikia," mzee akasema.

"Tutalala chini mpaka nikate nyasi."

Akauinua ule mpini, akauchukua mkoba wa vitabu mlangoni akampa mume wake, wakaondoka.